Tichaa, Zima Hiyo Spika

Wasee, leo mtanitusi kwa komenti na niko sawa tu. Ile spika mnawashia watoto wa nasari ndio wakusanye vitu vya kuchezea haisaidii. Inaharibu.

Najua unauliza msee alitoroka kampasi anaongelea PP1 kama nani. Nilipoacha chuo, anti yangu aliniambia hakuna kulala bure kwake. Ana kashule ka watoto kwa ekstensheni ya nyumba yake hapa Buru, watoto 18, wa miaka 3 hadi 5. Nikawa mtu wa mkono.

Saa nne na nusu, kutoka mchezo kwenda hadithi, ilikuwa vita. Mimi mtu wa kontenti nikaona suluhisho ni rahisi: nikadaunilodi wimbo wa katuni, nikaweka sauti juu. Watoto wakadansi! Vifuniko vya soda vikabaki chini. Wimbo ukaisha, nikaurudia, nikaurudia tena, nikaanza kupiga kelele. Hadithi ikaanza na watu wanne wakilia.

Anti akazima spika na kuniuliza, "Hiyo kitu yako inaona nani hajamaliza?"

Hapo ndio kuna siri yote. Rekodi haioni. Inaenda na spidi yake hata kama kuna kajamaa kamebeba mbao sita kakitafuta ndoo. Sauti ya mtu inamsubiri. Unarudia mstari mpaka afike, unaingiza kitu ameshika ndani ya wimbo, na ukiona wamepandisha mori unapunguza mwendo.

Lakini wimbo hauanzi ghafla. Hakuna makanga anakushusha Mutindwa bila kuita steji kwanza. Anti anapita kwa kila kundi dakika kama tano kabla, anachuchumaa, anaongea kwa sauti ya chini. Hasemi "dakika tano," juu mtoto wa miaka 4 hajui hiyo ni nini. Anasema, "Jenga mara mbili tena, halafu tunakusanya." Mwenye hajamaliza mnara wake anauweka kwa rafu ya dirishani, ataendelea kesho. Hiyo rafu pekee ilimaliza nusu ya vilio, manze. Mtoto hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa kazi yake ibomolewe.

Kisha anaimba. Wimbo tulijitungia, mbovu kabisa: yeye anauliza, "Kifuniko kinalala wapi?" wao wanajibu, "Kwa ndoo!" Halafu mbao, halafu wanasesere. Ukisema tu "safisheni," mtoto hajui aanzie wapi. Wimbo unamwambia kitu kimoja na mahali pake. Anti mwenyewe ameinama anaokota nao, hajasimama mlangoni kama soja. Na huo wimbo hauimbwi saa ingine yoyote. Ukiimbwa pia wakati wa uji, unabaki kelele tu.

Vitu vikiisha, maneno ni yale yale lakini polepole, chini zaidi, mpaka kunong'ona, wakitembea kwenda kwa mkeka. Hapa ndio wengi wanaanguka, wanaendelea kuimba kwa nguvu halafu wanashangaa watoto wanaruka. Kosa lingine ni kuwakalisha wa kwanza bure wakingoja wa mwisho. Mtoto asiye na kazi atavuta nywele za jirani, si ni lazima? Kwa hivyo kitabu kiko tayari, na watatu wa kwanza wakikaa, anti anaanza mchezo wa vidole nao. Wengine wanaharakisha wenyewe.

Sasa kuna wale watasema, "Sisi tulichapwa rula na tukatoka poa." Poa wapi, buda? Kuchapa mtoto shuleni kumekatazwa na sheria ya elimu ya 2013, na bado kuna shule hapa mtaani nikipita nasikia rula ikilia saa ya kukusanya. Watanyamaza, ndio. Lakini mtoto anayeangalia rula hasikii sungura alimfanyia nini fisi.

Wimbo si dawa ya kila kitu. Mtoto mwenye njaa ama usingizi hatulii hata ukiimba vipi. Tuko na mmoja hawezi kelele za watu wengi, anaziba masikio. Yeye tunampa kazi ya kupeleka kitabu kwa mkeka kabla wimbo uanze. Na siku za kwanza haikushika. Ilichukua kama wiki mbili, na mimi nilikuwa nimekata tamaa siku ya tatu.

Nilijua imeshika siku anti alichelewa nje na mzazi. Saa nne na nusu ikapita, mimi niko kwa simu. Kale kajamaa ka mbao kakasimama, kakaniangalia vibaya, kakaanza kuuliza kifuniko kinalala wapi. Wakajibu wote. Spika yangu bado iko kwa kabati, kama kuna DJ anaitaka aniinboksi.