Kabla ya kutuma pesa ya hisa, uliza nani anauza

Kila mwaka bonasi ya chai ikishaingia, wateja wetu wa Nyansiongo na Kebirigo hutuletea swali moja kwa sura tofauti tofauti. Mtu ana elfu kumi au ishirini kwenye simu, amesikia habari za hisa, anauliza: nikinunua hisa za Safaricom leo, si nitakuwa nimeipa Safaricom pesa ya kujenga minara?

Hapana. Safaricom haitaona hata shilingi moja ya pesa hiyo. Tunadhani watu wengi wangefanya maamuzi mazuri zaidi kama wangejua pesa yao inaishia mfukoni mwa nani, kwa hivyo leo tunazungumzia hilo tu.

Chukua mashine ya kusaga mahindi ya majirani wawili. Wanataka kununua mashine ya pili, hawana pesa, wanamkaribisha wa tatu alete Sh60,000 awe mwenye hisa. Pesa hiyo inaingia kwenye biashara na mashine ya pili inakuja. Hilo ndilo soko la msingi: hisa ni mpya na aliyeiuza ni biashara yenyewe. Baada ya miaka miwili yule wa tatu anataka karo ya mtoto, anamuuzia shemeji yake hisa yake kwa Sh80,000. Biashara imepata nini? Jina jipya kwenye daftari, basi. Pesa yote imeenda kwa aliyeuza. Hilo ni soko la upili, na karibu kila kitu unachosikia kwenye habari za jioni kuhusu Soko la Hisa la Nairobi hutokea huko. Siku ukinunua hisa za Safaricom kupitia dalali, pesa inaenda kwa mtu au mfuko fulani aliyeamua kuuza siku hiyo hiyo.

Mpaka hapo ni rahisi. Watu huchanganyikiwa na toleo la kwanza la hisa kwa umma, ile siku kampuni inapoingia sokoni. Wengi hudhani kwamba toleo la kwanza lazima liwe soko la msingi, yaani pesa iende kwa kampuni. Si lazima! Mfano mmoja mkubwa nchini unaonyesha kinyume.

Machi 2008, miezi michache tu baada ya vurugu za uchaguzi ambazo watu wa mpaka wa Borabu na Sotik wanazikumbuka vizuri, serikali ilifungua mauzo ya hisa bilioni 10 za Safaricom. Wakenya waliuziwa kwa Sh5, na wawekezaji wa nje kwa Sh5.50. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani Sh10,000. Watu waliuza ng'ombe, wakachukua mikopo, wakapiga foleni benki. Lakini hisa hizo hazikuwa mpya. Zilikuwa za serikali, robo nzima ya kampuni, na baada ya mauzo sehemu ya serikali ilishuka kutoka asilimia 60 hadi 35. Muuzaji alikuwa Hazina Kuu, na pesa ikaenda Hazina Kuu. Kampuni ilibaki na pesa ile ile iliyokuwa nayo jana yake. Kwa hivyo lilikuwa toleo la kwanza kwa umma, sawa, lakini ukifuata pesa lilikuwa kama yule jirani anayemuuzia shemeji yake.

Mwaka huo huo Benki ya Ushirika ilifanya tofauti. Ilitoa hisa mpya, takriban milioni 700, kwa Sh9.50 kila moja, ikitafuta karibu Sh6.7 bilioni. Ilipata kama Sh5.4 bilioni, na pesa hiyo iliingia kwenye mtaji wa benki yenyewe ili iweze kukopesha zaidi. Aliyenunua pale alikuwa kweli anaiongezea benki nguvu. Matoleo mawili, mwaka mmoja, magazeti yale yale, lakini wapokeaji wa pesa hawakufanana.

Sasa tuje kwa bei, maana hapa ndipo watu hupata au hupoteza.

Hisa za Safaricom zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, na siku hiyo zilifunga juu ya Sh7. Tutumie Sh7 kamili ili hesabu iwe nyepesi. Asilimia 65 ya hisa zilikuwa zimetengewa watu wa hapa nyumbani, yaani bilioni 6.5, na kila moja ilikuwa imeuzwa Sh2 chini ya bei hiyo. Hiyo ni Sh13 bilioni. Wawekezaji wa nje walitengewa bilioni 3.5, na tofauti yao ilikuwa Sh1.50, ambayo ni Sh5.25 bilioni. Jumla Sh18.25 bilioni. Wataalamu husema hiyo ni pesa iliyoachwa mezani: muuzaji angeweza kuidai, hakuidai. Hazina ilipata karibu Sh51.75 bilioni na ikaacha Sh18.25 bilioni.

Hiyo bilioni 18.25 nani aliichukua? Kila aliyegawiwa hisa kwa Sh5 na kuuza mapema. Na nani aliilipa? Hapa wengi hukosea. Si Hazina iliyotoa pesa kulipa faida hiyo, wala si Safaricom. Ni yule aliyekosa hisa kwenye toleo, akaja mbio sokoni siku za kwanza na kununua kwa Sh7. Kabla ya mwaka kuisha hisa ile ile ilikuwa chini ya Sh5. Aliyeuza mapema alikuwa ameshaondoka na faida yake, na aliyenunua kwake alibaki na hasara kwenye karatasi kwa miaka kadhaa.

Mtu atauliza, basi si bei ya Sh5 haikuwa ya chini kabisa, kama baadaye ilishuka hata kupita hapo? Swali zuri. Kawaida punguzo la toleo hupimwa kwa bei ya kufunga siku ya kwanza, na kwa kipimo hicho Safaricom iliuzwa rahisi. Ukipima kwa Desemba utasema Hazina iliuza ghali. Kipimo cha siku ya kwanza kinakuambia watu walikuwa na hamu kiasi gani. Thamani ya kampuni ni jambo lingine.

Na kuna mtego mwingine, huu wa mwombaji mdogo. Maombi ya Safaricom yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne, kwa hivyo watu waligawiwa sehemu tu ya walichoomba na kurudishiwa zilizobaki. Tufanye mfano wetu wenyewe. Mama mmoja anakopa Sh100,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na kuomba hisa 20,000. Anagawiwa moja ya tano, hisa 4,000, zenye thamani ya Sh20,000. Anaziuza kwa Sh7 na kupata Sh28,000. Faida Sh8,000, ati asilimia 40! Lakini mkopo wote ulikaa miezi miwili kabla hajaumaliza, riba Sh2,500. Dalali naye anachukua kama Sh600. Mkononi zinabaki Sh4,900 kwa laki moja aliyoikopa. Si asilimia 40 tena, hata tano haifiki. Na kama pesa ya kurudishiwa ingechelewa miezi mingine mitatu, riba ingekula faida nyingi iliyobaki.

Linganisha na Benki ya Ushirika. Pale maombi hayakufika kiasi kilichotakiwa, kwa hivyo aliyeomba aliweza kupata zote. Raha, si ndiyo? Lakini miezi michache baadaye hisa hiyo ilikuwa inauzwa chini ya Sh9.50. Ndivyo ilivyo mara nyingi: toleo ambalo kila mtu analitaka unapata kidogo, na toleo ambalo wenye habari nyingi wamelikwepa unapata kila ulichoomba. Kwa hivyo ukijumlisha matoleo yote uliyoshiriki, faida yako huwa ndogo kuliko ile inayotangazwa redioni. Na hii ni sababu moja ambayo wataalamu huitoa kueleza kwa nini hisa mpya huuzwa rahisi. Bei isipokuwa na punguzo, watu wa kawaida wataumia mara nyingi mpaka waache kuja.

Msimamo wetu ni huu. Kampuni binafsi ikiuza hisa zake mpya kwa bei rahisi, wanaopunjwa ni wenye kampuni, na wamekubali wenyewe. Lakini serikali ikiuza rahisi, inayopungua ni mali ya wote, hata ya mchuma chai wa Manga ambaye hakuwa na Sh10,000 ya kuanzia. Yeye hakupata hisa, na sehemu yake ya ile bilioni 18.25 ilienda kwa aliyeweza kuomba. Wanaotetea husema punguzo liliwaleta Wakenya mamia ya maelfu sokoni kwa mara ya kwanza, na hilo ni kweli. Ila tunaona kama lengo ni kuwapa wananchi wadogo zawadi, wao ndio wagawiwe kwanza mpaka watosheke, na kiwango cha chini kiwe kidogo, kitu kama Sh1,000. Hatuoni sababu ya kuwapa wawekezaji wakubwa wa nje punguzo lolote juu ya meza hiyo hiyo, hata kama wao walilipa Sh5.50.

Ukisikia toleo jipya limetangazwa, tafuta waraka wa toleo kwa dalali au benki inayopokea maombi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu mbili: inayosema hisa zinazouzwa ni mpya au ni za mwenye hisa wa sasa, na inayosema pesa itatumika kufanya nini. Kama muuzaji ni mwenye hisa wa sasa, usinunue kwa kuamini kampuni itapanuka kwa pesa yako. Inaweza kuwa hisa nzuri bado, lakini sababu yako iwe nyingine.

Jambo la mwisho linahusu simu yako. Hisa za toleo huombwa kwa jina lako na huingia kwenye akaunti yako ya CDS, unayofunguliwa na dalali au benki iliyoidhinishwa. Kwa hivyo mtu akikuambia umtumie Sh10,000 kwa namba yake binafsi ili "akuwekee nafasi" ya hisa kabla hazijaisha, muulize akaunti ya CDS itakayopokea hisa hizo ina jina la nani. Kama jina si lako, pesa isitoke.