Malindo 26, Mshahara wa 24

Mlinzi ninayemzungumzia analinda ghala jijini Dar es Salaam. Huingia lindo saa 12 jioni na kupokewa saa 12 asubuhi, na kila anapoingia huchora kijistari katika daftari la shule. Mwisho wa Mei vijistari vilikuwa 26. Hati ya malipo ilisema 24, na katika mshahara wake wa shilingi 195,000 zilikatwa 15,000 za “utoro”.

Msimamizi husaini daftari la mahudhurio asubuhi. Lindo lililoanza tarehe 31 Mei likasainiwa tarehe 1 Juni. Mei haikuliona, na Juni isingelilipa, kwa kuwa mshahara wa mwezi hauongezeki. Lindo la pili lilipotea usiku wa mvua ambao msimamizi hakufika kabisa. Hata hivyo, kitabu cha matukio pale getini kilionyesha kwa mwandiko wa mlinzi kwamba gari la maji liliingia saa 8 usiku, pamoja na namba zake na saini ya dereva. Ofisi ikarudisha fedha.

Wengi wataishia hapo na kumpongeza. Kwa maoni yangu alidai kidogo mno, maana kijistari huhesabu usiku, ilhali sheria huhesabu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Kwa saa 45, mshahara wake ni takriban shilingi 1,000 kwa saa. Lindo la saa 12 lina walau saa 3 za ziada, na mapumziko ya chakula hayazipunguzi, kwa kuwa yuko peke yake na haruhusiwi kuondoka. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu: saa 78 za mwezi ule ni shilingi 117,000. Aidha, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa huongezewa asilimia 5, yaani walau shilingi 13,000 nyingine. Hati yake haikuwa na mstari hata mmoja wa malipo hayo.

Mwajiri hujitetea kwamba walikubaliana saa 12. Makubaliano hayo yanaruhusiwa, lakini yawe ya maandishi, na yasizidi siku 5 wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Huyu huingia malindo 6.

Maofisa kazi wanaokagua malindo wasiridhike na daftari la mahudhurio, ambalo ni la mwajiri. Waombe na kitabu cha matukio. Naye mlinzi, badala ya kijistari, sasa huandika tarehe mbili, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la aliyempokea. Madai ya Mei anaweza kuyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila ndani ya siku 60.