Alama ya Jumatatu na Alama ya Ijumaa

Mwenzangu mmoja katika taaluma hii hupenda kujisifu kwamba akisoma ukurasa wa kwanza tu wa insha ya mwanafunzi, tayari anaijua alama yake. Wapo wengi wa namna hiyo, na kwa miaka kadhaa nami nilikuwa mmoja wao. Leo ninaandika kuipinga imani hiyo, na kuupinga pia utaratibu wa vyuo vyetu unaoilinda, kwa sababu nimeshuhudia binti mmoja akiandikiwa kwamba ameshindwa ilhali kosa lake pekee lilikuwa kuwasilisha kazi mapema.

Nieleze kisa chenyewe. Darasa lilikuwa na wanafunzi 63, wengi wao wafanyakazi wanaosoma jioni. Niliwapa swali moja la kujadili: kwa nini Operesheni Vijiji haikuleta ongezeko la mazao lililotarajiwa? Waliandika kwa mkono, wakapiga picha kurasa zao kwa simu na kuzituma kwa WhatsApp kati ya Jumatatu na Ijumaa. Siku ya Jumatatu zilifika kazi 24, Jumatano 21, na Ijumaa 18. Nilisahihisha kila fungu jioni ya siku lilipofika, nikiona fahari kwamba sikurundika kazi.

Mwongozo wangu wa usahihishaji ulikuwa na alama 20: nne za msimamo wa mwandishi, nane za ushahidi, sita za kuunganisha sababu na matokeo, na mbili za lugha na mpangilio. Kwa macho ya mkuu wa idara ulikuwa mwongozo kamili. Lakini swali la kujadili lina tabia moja ambayo mwongozo hauwezi kuizuia, nayo ni kwamba humfundisha msahihishaji wakati anaposahihisha. Jumatatu, mwanafunzi aliyetaja ukame wa miaka ya 1973 na 1974 nilimwona kama anayeitetea serikali kwa kuisingizia mvua. Nilimnyima alama za ushahidi. Jumatano hoja hiyo ilijitokeza tena, safari hii ikiwa imeunganishwa na ukweli kwamba agizo la Novemba 1973, la kuwataka watu wote wa vijijini wawe wamehamia vijijini rasmi kabla ya mwisho wa 1976, liliwakuta wakulima katikati ya ukame huo huo; aliyehamishwa wakati wa kupanda hakupata hata kile kidogo ambacho mvua ingemruhusu kupata. Nikaanza kulegea. Kufikia Ijumaa nilikuwa nikitoa alama mbili kwa hoja ya ukame bila kusita, na nilipoiona haimo katika kazi ya mtu nilishangaa. Mwongozo haukubadilika hata neno moja. Aliyebadilika ni mimi.

Je, nilikosea Jumatatu au Ijumaa? Kwa maoni yangu nilikosea Jumatatu, maana hoja ya ukame ikielezwa vizuri ni hoja halali. Lakini hilo si kiini cha malalamiko yangu. Hata kama ningekuwa nimekosea Ijumaa, wanafunzi wa darasa moja walipimwa kwa mizani mbili, na hakuna aliyejua, nikiwemo mimi mwenyewe niliyezishika.

Juu ya hayo kulikuwa na picha zenyewe. Za Jumatatu nyingi zilipigwa usiku, chini ya balbu ya manjano, kivuli cha mkono kikikata mistari ya chini. Baadhi zilitumwa kurasa zikiwa zimepinduka au zimevurugika mpangilio, na moja ilikatwa ukingoni kiasi kwamba neno la mwisho la kila mstari ilinibidi nilibuni. Msomaji anayehangaika kusoma huwa mkali bila kukusudia. Hoja ambayo ingemfikia katika sekunde tano ikimfikia katika sekunde arobaini, huiona haikuelezwa vizuri. Halafu jina la faili lilinipasha habari kabla sijaifungua kazi. Simu huandika kitu kama `IMG-20240311-WA0012.jpg`, yaani tarehe ilikuwa mbele ya macho yangu, nami nilijua huyu ni wa kwanza kutuma na yule ni wa mwisho.

Wastani wa alama ulikuwa 10.1 kwa kazi za Jumatatu, 11.4 kwa za Jumatano na 12.6 kwa za Ijumaa. Nilipouonyesha wastani huo kwa wenzangu, jibu lilikuwa jepesi: wa Ijumaa wamepata muda zaidi, na pengine wameongea na wenzao. Jibu hilo linaweza kuwa kweli. Ndiyo maana wastani wa mafungu, ambao ofisi zetu za mitihani huupenda sana, hauwezi peke yake kutuambia lolote kuhusu haki. Wastani ukitofautiana, huenda wanafunzi ndio waliotofautiana. Ukifanana, huenda msahihishaji alikuwa akigawa alama kwa mazoea ili ufanane. Kinachoweza kutenganisha mambo hayo mawili ni kusoma upya kazi zile zile bila kujua zilipata nini mwanzo.

Nilifanya hivyo. Bahati nzuri alama sikuziandika juu ya picha. Zilikuwa katika daftari la pembeni. Laiti ningeziandika pale, jicho la pili lingekuwa mtumwa wa jicho la kwanza. Nilimwomba karani wa idara achague kwa kura kazi sita za Jumatatu na sita za Ijumaa, azipe namba mpya, azigeuze zote ziwe nyeusi na nyeupe, azichapishe na kuzichanganya. Kazi za Jumatatu zilizokuwa na 9, 8, 12, 7, 10 na 11 sasa zilipata 11, 10, 12, 9, 12 na 12. Zilipanda kwa wastani wa alama moja na nusu. Za Ijumaa, zilizokuwa na 13, 14, 11, 12, 15 na 10, zilipata 12, 14, 11, 11, 15 na 10, yaani hazikutikisika sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pengo nililoliona haikutoka kwa wanafunzi.

Itazame ile kazi iliyotoka 7 hadi 9. Alama ya kufaulu ilikuwa 8.

Pendekezo la kwanza nililopewa lilikuwa kuwaongezea wote wa Jumatatu alama moja na nusu, mambo yaishe. Ninalipinga kwa nguvu, kwa kuwa linaonekana kuwa huruma nalo ni uzembe wa pili. Yule aliyepata 12 mara zote mbili hakudhulumiwa. Kumwongezea ni kumpa asichostahili. Waliotaja ukame wamedhulumiwa alama mbili kila mmoja. Kuwapa moja na nusu ni kuwapunja. Kosa la kusoma husahihishwa kwa kusoma. Nilizirudia kazi zote 24.

Lakini matokeo yalikuwa yamekwisha kubandikwa. Niliambiwa kwamba hayabadilishwi ila kwa rufaa ya mwanafunzi, naye akikata rufaa kinachokaguliwa ni kama alama zilijumlishwa sawasawa na kama kuna ukurasa uliorukwa. Hesabu ya binti yule ilikuwa sahihi kabisa: nne na tatu ni saba. Hapo ndipo nilipoona jinsi utaratibu ulivyo hodari wa kukamata kosa la kujumlisha, ambalo ni adimu, huku ukilifungia mlango kosa la kupima, ambalo ni la kila siku.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili ni jipya. Mwaka 1935, huko Uingereza, Philip Hartog na E. C. Rhodes walichapisha utafiti ambamo watahini 14 walipewa insha 15 za historia, wakazisahihisha, kisha wakapewa zile zile tena baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Hukumu zilikuwa 210. Katika hukumu 92 kati ya hizo mtahini alijipinga mwenyewe: aliyempitisha mwanzo akamwangusha, au kinyume chake, au akambadilishia daraja la kufaulu. Hao walikuwa watahini wazoefu. Anayejisifu kwa ukurasa wa kwanza anadai kwamba yeye ni bora kuliko wao, na hajawahi kujipima.

Tangu hapo nimebadili utaratibu, na ninadai idara zetu ziubadili pia. Kwanza, kusahihisha hakuanzi mpaka kazi zote zimefika. Karani hukagua kila picha, huzipanga kurasa, na isiyosomeka huombwa upya kabla alama yoyote haijatolewa, si baada yake. Kisha huzipa namba na kuzichanganya. Anayetumia kompyuta anaweza kuandika `=RAND()` mbele ya kila namba na kupanga orodha kwa safu hiyo, na asiye nayo atumie vikaratasi katika bakuli.

Pili, kabla ya kuanza huchagua kazi tano za viwango mbalimbali, huzisoma pamoja na mwenzangu mmoja, na tukishakubaliana alama zake huwa karatasi za kupimia. Kila kikao kipya cha kusahihisha huanza kwa kusoma mbili kati ya hizo. Nikijikuta nataka kutoa 13 kwa ile tuliyokubaliana 11, ninajua siku hiyo nimeamka mlegevu, na kalamu naiweka chini kwanza.

Tatu, na hili ndilo lililoniokoa zaidi, ninaweka daftari la maamuzi. Ikitokea hoja ambayo mwongozo haukuitarajia, ninaandika nimeamua nini na katika kazi namba ngapi, kisha ninazirudia zote zilizotangulia zenye hoja hiyo. Uamuzi usiorudi nyuma ni upendeleo kwa waliofuata.

Haya yote hayamfanyi msahihishaji awe na hekima. Mtu anaweza kuwa mwonevu kwa usawa kamili, Jumatatu hadi Ijumaa, endapo mwongozo wenyewe unamwadhibu aliyechimba hoja moja kwa kina na kumtuza aliyeorodhesha nane juujuu. Huo ni ugomvi mwingine, nami sitaumaliza hapa.

Nitaambiwa hakuna muda. Tuhesabu. Kazi 63 kwa dakika 12 kila moja ni saa 12 na dakika 36. Kusoma upya kazi 12, pamoja na karatasi za kupimia, kuliniongezea takribani saa tano. Ni nyingi, sikatai, hasa kwa mhadhiri mwenye madarasa manne na siku saba za kuwasilisha matokeo. Basi na tuulize ni nani aliyeweka siku saba, na kwa nini bajeti ya idara ina fungu la viburudisho vya kikao cha matokeo lakini haina fungu la kumlipa msomaji wa pili. Maafisa wanaosahihisha usaili wa kuandika wa ajira za umma nao wajiulize hivyo hivyo. Kule pengo la alama moja linaamua nani anaitwa kazini.

Kwa kikao kijacho nimeomba jambo moja liingizwe katika fomu ya matokeo: safu mbili kwa kazi kumi zilizosomwa mara mbili, alama ya kwanza na ya pili, zikae wazi mbele ya wajumbe. Mwenyekiti amejibu kwamba fomu haina nafasi. Nimeipima kwa rula. Upande wa kulia kuna sentimita sita tupu.