"Nipangie slaidi" si ombi, ni kitendawili

Wasee, kuna hii meseji inanifikia kila wiki, leo kutoka Kitale, kesho kutoka Bungoma: "Niaje, nipangie slaidi za mahindi, nazitaka kesho." Halafu kimya. Nikiuliza maswali naambiwa najifanya, eti fundi anafaa kujua.

Hapana, buda. Mahindi si mada. Hapa kwetu ni shamba, ni bei ya gunia, ni mbolea, ni viwavijeshi. Nikiambiwa "jinsi ya kutambua viwavijeshi mapema", hapo naweza kuanza kazi.

Lakini bado. Unaongea na nani? Tuseme ni chama cha wakulima kule Bungoma na umepewa dakika 10. Toa 3 za maswali, unabaki na 7. Mimi hupiga hesabu ya slaidi moja kwa dakika, na moja naiacha kwa sababu watu huchelewa kutulia. Kwa hivyo ni slaidi 6: tatizo na picha ya shamba lililoliwa, dalili, yaani majani yenye matobo na uchafu kama unga wa mbao katikati ya mmea, kiwavi mwenyewe, mwenye Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia, namna ya kukagua shamba, cha kufanya ukimpata, na kazi ya wiki hii. Picha kubwa, maneno kidogo.

Sasa badilisha wasikilizaji tu. Mada ni ileile, dakika ni zilezile, lakini mbele yako kuna wahadhiri. Ile Y haiwasaidii, wanaijua. Wanataka swali lako la utafiti, ulikusanya data vipi, ulipata nini na wapi matokeo yako hayafiki. Karibu kila slaidi imebadilika.

Na muda? Yale mashindano ya Three Minute Thesis, yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008, yanakupa dakika 3 na slaidi moja pekee. Ukija na mpangilio wa slaidi 15 hapo, umekwisha kabla hujafungua mdomo.

Ukiacha haya matatu, utaletewa ile kitu ya kila siku: Utangulizi, Umuhimu, Changamoto, Suluhisho, Asanteni. Ipime hivi: futa "mahindi", andika "bodaboda". Kama hakuna slaidi inayolalamika, huo si mpangilio, ni fremu tupu.

Najua kuna wakati hata wewe hujaambiwa muda. Sawa, sema hivyo. Nitapanga kwa dakika 10 na kuweka alama kwenye slaidi mbili za kutoa ukikatwa. Lakini mada na wasikilizaji, hizo ni zako. Andika hivi tu: "Viwavijeshi, wakulima wa Bungoma, dakika 10." Maneno sita, na kazi inaanza leo.