Mwalimu akikosekana, karatasi moja ibaki kwa direkta

Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi mashariki mwa Kongo yamejaa kupita kiasi. Mwalimu akigonjwa au akienda kujifungua, anayekuja kumbadilisha hupewa chaki na daftari la kuita majina, basi. Haitoshi. Kila mwalimu angeandika karatasi moja, pande mbili, akaiacha kwa direkta tangu mwanzo wa mwaka wa masomo.

Tuchukue darasa la tatu lenye watoto 60 kwenye mabenchi 15. Upande wa kwanza ueleze siku inavyokwenda kweli, si ratiba iliyobandikwa ukutani: ishara gani inanyamazisha watoto, nani anatoka kwenda chooni na kwa ruhusa gani. Chini yake kuwe na mchoro wa mabenchi wenye jina la kila mtoto. Mgeni akifika, watoto hubadilisha nafasi ili wakae na marafiki, na asiyesikia vizuri hujikuta nyuma. Mchoro unafichua hilo mara moja, mradi uandikwe tarehe na urekebishwe kila muhula.

Mchoro huo unarahisisha pia kuita majina. Kila benchi likiwa na mtoto mmoja wa kusema nani hayupo, mwalimu anapata majibu 15 badala ya 60. Lakini wasaidizi wapewe kazi iliyo wazi: huyu maji, yule vitabu. Kapita akiachiwa fimbo na kuambiwa tu "chunga wenzako", wadogo ndio watakaoumia.

Upande wa pili ni wa watoto wenye mahitaji ya pekee, na hapo ndipo karatasi nyingi zingekosea. Kuandika "ana kifafa" hakumsaidii mtu. Iandikwe la kufanya: mtoto akianguka, ondoa benchi na vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu. Angalia saa: ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe haraka kituo cha afya. Namba ya mzazi iwe hapo hapo. Na iandikwe wazi kwamba mate yake hayaambukizi kifafa, kwa sababu wapo watu wazima wanaokimbia wakiamini hivyo, na mtoto anabaki peke yake chini.

Upande huo usibandikwe ukutani wala kusomwa mbele ya darasa. Ukae katika bahasha kwa direkta, naye amkabidhi mbadala kabla ya kengele, kisha aurudishe jioni.

Karatasi haitapunguza watoto darasani wala haitamlipa mbadala. Hayo ni ya serikali. Lakini kuiandika kunahitaji jioni moja na kalamu, na direkta anaweza kuiomba wiki hii.