Mchoro Uliopotea na Mwaka wa 1963

Hapa Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, wanafunzi wangu walinipa majibu mawili ya ajabu hivi majuzi. Mmoja aliandika kwamba Wasomali walisusia uchaguzi wa Mei 1963 kwa sababu serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Mwingine alidai kuwa mauaji ya Wagalla yalitokea wakati wa vita vya Shifta. Kabla ya kuwalaumu, nilitazama karatasi walizosomea.

Maelezo yangu ya zamani yalikuwa yamepigwa chapa upya. Maneno yalisalia, lakini mchoro wa mstari wa wakati ulipotea. Mahali pake paliwekwa orodha iliyopangwa na kompyuta:

10/2/1984, Wagalla, 12/12/1963, uhuru, 25/12/1963, hali ya hatari, 28/10/1967, mapatano ya Arusha, 5/1963, uchaguzi, 6/1963, kuuawa kwa Wabera, 8/3/1963, tangazo la Sandys.

Msomaji ataona kilichotokea. Kompyuta ilizichukua tarehe kama maneno tu, ikaanza na tarakimu ya kwanza ya kila moja, basi 1 ikatangulia 2, na 8 ikawa ya mwisho. Kwa hiyo tangazo lililozua mambo mengi likawekwa mkiani. Dawa yake ni kuanza na mwaka, kisha mwezi wenye tarakimu mbili, halafu siku: 1963-03-08. Tukio ambalo mwezi wake tu ndio unaojulikana huachwa 1963-05. Tusiligawie siku ya kubuni.

Nilipoziandika upya hivyo, mambo yalianza kuelezeka. Mwishoni mwa 1962 tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, iliripoti kuwa Wasomali, ambao ndio wengi katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, walitaka kujiunga na Somalia. Tarehe 8 Machi 1963, Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, akatangaza kuwa eneo lao litakuwa jimbo la saba la Kenya. Mwezi huo huo Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mei, Wasomali wakasusia uchaguzi. Juni, Daudi Dabaso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, akauawa. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba, na siku 13 baadaye serikali ya Kenyatta ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki.

Sasa mwanafunzi wa kwanza anaweza kujisahihisha mwenyewe. Tukio la Desemba haliwezi kuzaa la Mei. Sababu ya kususia aitafute juu ya Mei, na hapo atalikuta tangazo la Machi. Hata hivyo namwonya: si kila kinachotangulia ni sababu. Uhuru ulitangulia hali ya hatari kwa siku 13, lakini si uhuru uliozaa uasi, kwa maana damu ilikuwa imemwagika tangu Juni. Uhuru unaeleza jambo jingine, yaani ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kutangaza.

Kosa la mwanafunzi wa pili halikuponywa na mpangilio peke yake, kwa sababu orodha haina nafasi. Mapatano ya Arusha kati ya Kenya na Somalia, yaliyosimamiwa na Kaunda mnamo Oktoba 1967, hufuatwa moja kwa moja na Wagalla ya Februari 1984, kana kwamba ni majirani. Hapo ndipo rula inapohitajika. Nilichora mstari kuanzia 1960 hadi 1992, sentimita moja kwa kila mwaka, jumla sentimita 32. Kati ya Arusha na Wagalla zikabaki zaidi ya sentimita 16 tupu, na darasa zima liliona kuwa vita hivyo vilikuwa vimekwisha zamani. Mwaka wa 1963, kwa upande wake, ulisongamana katika sentimita moja, nikalazimika kuuchorea mstari wake chini, sentimita mbili kwa kila mwezi.

Lakini kuna jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelionyesha katika mchoro wa kwanza. Niliitia hali ya hatari nukta moja, Desemba 1963, ilhali haikuwa tukio la siku moja. Iliondolewa Novemba 1991. Safari hii niliichora kama ukanda mrefu juu ya mstari, karibu sentimita 28. Mwanafunzi yule wa pili alikuja ubaoni, akaweka kidole penye 1984, akakipandisha taratibu mpaka kikagusa ukanda. Aliniuliza kwa nini sheria ya vita ilibaki miaka 24 baada ya vita kuisha. Swali hilo ndilo tutakaloanza nalo Jumatatu.