Wacheni kumtuma mtu Kitui kwa sababu ya DNS

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mwenye cheti anikosoe kwa hoja, si kwa cheti. Nimechoka na mafundi wa kompyuta wanaomwambia mtu "VPN imekufa" kumbe hawajauliza hata swali moja.

Wiki jana dada mmoja wa hapa Wote aliniletea laptopu. Yeye ni karani wa chama cha akiba chenye makao Kitui. Kila mwisho wa mwezi anapanda gari mpaka Machakos, anabadilisha, anaenda Kitui kujaza hesabu kwa mkono wake, kwa sababu ukurasa wa hesabu haufunguki akiwa Wote. Nauli anajilipia. Fundi wao alishamwambia, "Madam, mtandao wa huko kwenu ni mbaya."

Ati mtandao. Niliwasha VPN, ikaandika Connected. Nikaandika `ping 10.20.0.15`, namba ya seva yao, ikajibu vizuri. Nikaandika `ping hesabu.ofisi.internal`, Windows ikasema "could not find host". (Jina na namba nimebadilisha, za watu si za kuanika.) Sasa ona: barabara ya kwenda ofisini ipo na inapitika. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha nyumba.

Huyo mtu ni DNS, anayegeuza jina kuwa namba. Jina hilo linajulikana na DNS ya ofisi peke yake, iliyoko 10.20.0.53. Lakini laptopu ilikuwa inauliza wai-fai ya nyumbani, nayo inauliza kampuni ya intaneti, na huko hakuna anayelijua. Jibu likarudi: jina hilo halipo. Na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaongeza DNS ya ofisi kama ya pili kwenye orodha, wakidhani ya kwanza ikishindwa ya pili itaulizwa. Haiulizwi. "Halipo" ni jibu kamili. Ya pili huulizwa tu kama ya kwanza imenyamaza.

Fundi wao alikuwa amejaribu dawa mbili. Kwanza aliandika namba kwenye faili ya hosts. Ilifanya kazi hadi seva ilipohamishwa namba, laptopu ikabaki inabisha mlango wa zamani. Pili alielekeza kila kitu kipitie VPN. Hapo bando la dada likaanza kuzunguka Kitui hata akitazama video, na kila tovuti anayofungua usiku ikawa inaulizwa kwa DNS ya mwajiri. Kama ofisi ina sababu ya usalama ya kufanya hivyo, sawa, imwambie na imlipie bando. Kama ni uvivu wa fundi, hapana.

Dawa ni kugawa maswali: majina ya ofisi yaulizwe ofisini, mengine yote yabaki nyumbani. Kwanza hakikisha DNS ya ofisi inajibu ukiiuliza moja kwa moja:

```
Resolve-DnsName hesabu.ofisi.internal -Server 10.20.0.53
```

Ikinyamaza, shida ni njia ya VPN au ukuta wa usalama unaofunga mlango 53, na hapo fundi wa ofisi ndiye wa kusumbuliwa. Kwetu ilijibu. Basi nikafungua PowerShell kama Administrator:

```
Add-DnsClientNrptRule -Namespace ".ofisi.internal" -NameServers "10.20.0.53"
Clear-DnsClientCache
Resolve-DnsName hesabu.ofisi.internal
```

Ile nukta mbele ya `ofisi` si pambo. Ndiyo inayosema "kila jina linaloishia hivi". Ukiiacha, sheria inashika jina `ofisi.internal` lenyewe tu, halafu unarudi kulaumu mtandao. Mstari wa pili unafuta lile jibu la "halipo" ambalo laptopu ilikuwa imelikariri.

Usipime kwa `nslookup`. Hiyo haifuati sheria hizi, itakwambia umeshindwa na kumbe umefaulu. Andika jina zima, si `hesabu` peke yake. Na kama ukurasa bado unakataa ilhali PowerShell imepata namba, angalia kwenye kivinjari: "Use secure DNS" ikiwa imewashwa, kivinjari kinauliza kwake chenyewe na kuiruka sheria yako. Izime.

Ukurasa wa hesabu ulifunguka. Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hivi vyote nilivyosafiri?" Sikuwa na jibu.

Mafundi mtasema mna kazi nyingi. Sawa. Lakini mstari huo mmoja ungewekwa siku ile mliyomwekea VPN, na kila karani wa tawi angekuwa nao. Mkimwambia mtu kwamba mtandao wa kwao ni mbaya, muwe mmepiga `ping` mara mbili kwanza, kwa namba na kwa jina. Namba ikijibu na jina likakataa, tatizo haliko Makueni. Liko mezani kwenu.